Kama ganda la neva limeliwa, mbona jicho la mdogo wangu lilirudi kuona? (Uzi kuhusu MS)

Msambaa_Mjini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa neva wanisaidie, maana nyumbani kwetu tumegawanyika na mimi sina maneno ya kuwaeleza wazee.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 29, ni mwalimu wa sekondari hapa Dar. Mwaka jana mwezi wa tatu jicho la kushoto lilianza kuuma kila akiligeuza. Kesho yake akaniambia rangi nyekundu imepauka: akifumba jicho la kulia, wino mwekundu wa kusahihishia madaftari anauona umefifia kabisa. Siku ya nne ukungu ukatanda katikati, mtu akisimama mbele yake anaona mabega, uso hauoni. Kituo cha kwanza walimpa matone ya macho. Kituo cha pili wakamwekea dripu ya steroidi siku tatu. Wiki ya tatu akaanza kuona, na kufikia mwezi wa pili alikuwa anasoma kama kawaida. Tukashukuru, tukasahau.

Mwaka huu mwezi wa tano ikaja ganzi, kuanzia kifuani kushuka hadi nyayo. Akiinamisha kichwa anasikia shoti inateremka mgongoni mpaka miguuni. MRI ikaonyesha madoa meupe kadhaa kwenye ubongo na doa moja fupi kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Daktari akasema ni MS, kwamba kinga ya mwili inakula ganda linalofunika neva. Ganzi nayo ikapungua, baada ya wiki sita hivi akawa anatembea vizuri, imebaki kidogo kwenye vidole vya mguu.

Sasa wiki iliyopita katembea saa saba mchana kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani, jua kali. Alipofika jicho lile lile la kushoto limeingia ukungu tena. Kakaa chini ya feni, kanywa maji baridi, baada ya kama nusu saa likarudi.

Maswali yangu mawili. Kama ganda limeliwa, jicho lilirudi vipi? Na hili la wiki iliyopita ni shambulio la tatu? Bibi yetu anasema kitu kinachokuja na kuondoka ni jini, ugonjwa wa kweli hauondoki wenyewe. Wanataka kusimamisha hospitali wampeleke kwa mtaalamu wao. Nahitaji jibu ambalo nikikaa na bibi mkekani atalielewa.

---

Fundi_Waya

Pole sana mkuu. Mimi ni fundi umeme, nitasema ninavyoelewa. Neva ni waya, lile ganda ni mpira wake. Mpira ukichubuka waya zinagusana, inapiga shoti. Ndiyo hiyo shoti ya mgongoni. Jicho lilirudi kwa sababu mwili si kama ukuta wa nyumba, unajitengeneza: ganda likaota upya, umeme ukapita.

Ila hapo kwenye jua mimi mwenyewe nakwama. Kama ganda limeshaota, jua linafanya nini?

---

Neva_Polepole

Mleta uzi, pole, na msalimie mwalimu. Mimi ni daktari, niko kwenye idara ya neva kila siku, nitajaribu kwenda taratibu.

Fundi ameanza vizuri, lakini mfano wa waya unafika mahali unapotosha, na ndipo hapo hapo lilipo jibu la mleta uzi. Mpira wa waya kazi yake ni kuzuia umeme usitoke. Shaba ndani inapitisha umeme yenyewe, ukivua mpira wote umeme bado unafika taa ikawaka. Neva haiko hivyo. Uzi wa neva peke yake unapitisha ujumbe vibaya mno. Ujumbe hausafiri kama maji ndani ya bomba, unatengenezwa upya njiani, tena na tena. Ganda, tunaliita mayelini, limezungushwa kwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna mwanya mdogo ulio wazi. Milango ya sodiamu imejazana kwenye ile mianya tu. Ujumbe unaruka mwanya hadi mwanya, na kila mwanya unaupa nguvu mpya. Kwa kuruka hivyo, neva kubwa zenye ganda hufikisha karibu mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na ganda kwa asili zinakwenda kama mita 1 tu kwa sekunde.

Sasa kinga inakula kipande kimoja cha ganda. Sehemu iliyobaki wazi haina milango ya sodiamu ya kutosha, kwa sababu haikutegemewa kufanya kazi hiyo. Ina milango ya potasiamu iliyokuwa imefunikwa chini ya ganda, na hiyo ikiwa wazi inavujisha nguvu. Ujumbe unafika pale, unanyong'onyea, haufiki mwanya unaofuata. Unakwama. Uzi wenyewe haujakatika, jicho ni zima, sehemu ya ubongo inayoona ni nzima, lakini mwalimu haoni.

Kwa hiyo kuna vitu viwili tusivichanganye: uzi uliokatika na ujumbe uliokwama. Uliokatika ndani ya ubongo na uti wa mgongo hauungi. Uliokwama unaweza kupita tena, na unaweza kupita kabla ganda halijarudi. Nitaendelea usiku nikitoka zamu.

---

Mama_Wanne

Asante daktari. Mama yangu ana kisukari miaka mingi, usiku nyayo zinawaka moto, mara zinakufa ganzi, anavaa soksi hata wakati wa joto. Naye kinga inakula ganda? Apigwe MRI ya ubongo?

---

Neva_Polepole

Mama_Wanne, hapana, hiyo ni habari nyingine. MS inashambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Haishambulii neva za pembeni zinazokwenda mikononi na miguuni, maana ganda la huko linatengenezwa na seli za aina nyingine kabisa. Sukari inaharibu neva za pembeni, inaanzia kwenye ncha za mbali, miguu yote miwili kwa pamoja, na inakuja polepole kwa miaka. Mama hahitaji MRI ya ubongo kwa hilo. Anahitaji sukari yake isimamiwe, nyayo zikaguliwe kila siku zisije zikapata kidonda asichokisikia, na kama anameza metifomini muda mrefu aombe apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake nao unaleta ganzi.

---

Shehe_wa_Mtaa

Mimi sipingi hospitali, lakini tuseme ukweli. Tumekua na wazee wetu, huu ugonjwa hatukuusikia. Ni ugonjwa wa Wazungu, wa nchi za baridi. Daktari akikosa jina anatoa jina la Ulaya. Na bibi ana hoja: malaria usipoitibu haiondoki, kifua kikuu hakiondoki. Hiki kinaondoka chenyewe halafu kinarudi mahali pengine, leo jicho, kesho miguu. Mtu mwenye busara lazima ajiulize.

---

Bi_Asumini

Shehe, kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Uingereza, na nina MS kwa zaidi ya miaka kumi. Ngozi yangu ni nyeusi kama ya bibi yangu aliyenilea. Ni kweli huku kwenye baridi wako wengi zaidi, na hapo nyumbani ni wachache, lakini uchache si kutokuwepo.

Nami pia jamaa walisema nimetupiwa kitu. Kilichowashawishi ni hicho hicho ulichokisema, kuondoka na kurudi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi wiki tano, nikashindwa kufunga vifungo, kisha ukarudi. Mwaka uliofuata nikaona vitu viwili viwili mwezi mzima, kisha ikaisha. Nilipopona kila mara tulichinja.

Ninalotaka mleta uzi alisikie ni hili. Miaka ya mwanzo nilipona karibu kabisa kila mara, nikaamini kwamba kupona ni kupona, nikawa mzito kukubali dawa za kuzuia. Sasa sipati mashambulio tena, lakini mguu wa kulia unazidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka, polepole, bila kurudi nyuma. Daktari wangu ananiambia ndani ya kila shambulio lililopita kulikuwa na nyuzi zilizokatika ambazo sikuzihisi wakati ule kwa sababu zilizobaki zilikuwa zinatosha. Mwalimu asingoje.

---

Chumba_cha_Picha

Mimi kazi yangu ni kupiga MRI. Naongezea alichosema Bi Asumini kwa upande wa picha.

Watu wanadhani ugonjwa unalala kati ya shambulio na shambulio. Ukimpiga mgonjwa asiye kwenye dawa picha kila mwezi, madoa mapya yanajitokeza mara nyingi zaidi kuliko mashambulio anayoyahisi. Doa likitua kwenye neva ya jicho, ambayo ni njia moja nyembamba, mara nyingi utalijua mapema. Likitua kwenye uti wa mgongo vilevile, kwa sababu kila kitu kimebanana pale. Likitua sehemu nyeupe ya ubongo ambako ujumbe una njia nyingine ya kupita, hutahisi kitu. Kwa hiyo kinachokuja na kuondoka ni dalili. Ugonjwa unafanya kazi hata mtu akijisikia mzima.

Na tukichoma ile dawa ya kung'arisha picha, doa jipya linawaka kwa wiki chache halafu linaacha kuwaka. Maana yake ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo ulikuwa umefunguka pale, seli za kinga zikapita, kisha ukuta ukafunga. Doa lenyewe kwa kawaida linabaki. Picha moja ikiwa na madoa yanayowaka na yasiyowaka, daktari anajua mara moja kwamba mambo haya yalitokea nyakati tofauti.

---

Neva_Polepole

Nimerudi. Asante Chumba_cha_Picha, umenirahisishia.

Tufuate jicho la mwalimu hatua kwa hatua. Seli za kinga zimechokozwa huko nje kwenye damu na tezi, zikavuka ukuta wa mishipa na kuingia kwenye neva ya jicho la kushoto. Pale zikaita nyingine, neva ikavimba. Kuvimba ndiko kulikoleta maumivu ya kugeuza jicho. Wakati huo ganda linaliwa, lakini pia kemikali za uvimbe zenyewe zinaweza kuzima ujumbe hata kwenye uzi ambao ganda lake bado lipo. Nitriki oksaidi ni mojawapo. Hivyo siku ya nne alikuwa haoni kwa sababu kadhaa kwa mpigo, na nyingine kati ya hizo ni za muda.

Wiki ya pili na ya tatu uvimbe unashuka, kemikali zinaondoka. Nyuzi zilizozimwa tu bila kuvuliwa ganda zinaamka. Huu ndio unafuu wa kwanza, na ganda halijahusika.

Kisha uzi ulio wazi unajipanga upya. Unapachika milango mipya ya sodiamu kwenye ile sehemu iliyokuwa haina. Ujumbe hauruki tena pale, unatambaa, lakini unavuka. Na wakati huohuo seli zinazotengeneza mayelini zinaanza kuvika ganda jipya, jembamba kuliko la zamani na lenye vipande vifupi. Kwa wengine kazi hii inafika mbali, kwa wengine inaishia njiani, na sababu ya tofauti hiyo bado inatafutwa.

Ushahidi kwamba haikurudi kama mwanzo upo, na ni wa zamani. Mwaka 1972 kule London, Halliday, McDonald na Mushin waliwakalisha wagonjwa waliopata shambulio la jicho mbele ya kibao cha miraba myeupe na myeusi inayobadilishana, wakasoma mawimbi nyuma ya kichwa. Kwa jicho zima wimbi kubwa linafika karibu sekunde moja ya kumi baada ya miraba kubadilika. Kwa jicho lililougua lilichelewa, na liliendelea kuchelewa hata kwa watu ambao kuona kwao kulikuwa kumesharudi. Mleta uzi, mwalimu amefanyiwa kipimo hicho?

---

Msambaa_Mjini (mleta uzi)

Amefanyiwa daktari, mwezi wa sita. Karatasi ninayo hapa. Imeandikwa P100, kulia 101, kushoto 134. Hakuna aliyetueleza maana yake, tuliambiwa tu "jicho la kushoto lina shida kidogo." Wakati huo alikuwa anasoma hadi mstari wa mwisho wa kibao cha herufi kwa macho yote mawili.

---

Neva_Polepole

Basi hiyo karatasi ndiyo ya kumwonyesha bibi. P100 ndilo jina la lile wimbi kubwa, na namba mbili zinazofuata ni sehemu za elfu za sekunde. Jicho la kulia ujumbe umefika kwa 101, kawaida. La kushoto umefika kwa 134. Herufi zote anaziona, lakini kila kitu kwa jicho la kushoto kinachelewa sehemu 33 za elfu za sekunde. Alama ya lile shambulio la mwaka jana imebaki pale pale na inapimika.

Sasa tuje kwenye jua, swali la Fundi. Mwanya mzima unatoa nguvu mara kadhaa ya ile inayohitajika kuamsha mwanya unaofuata. Ni akiba kubwa. Sehemu iliyovuliwa au iliyovikwa ganda jembamba haina akiba hiyo, inapitisha ujumbe kwa kukwaruza. Joto la mwili likipanda, milango ya sodiamu inafunga haraka zaidi baada ya kufunguka, kwa hiyo nguvu inayoingia inapungua. Mimi na wewe tuna akiba, hatuhisi lolote. Neva ya jicho la mwalimu haina, na nusu nyuzi tu ya selsiasi inaweza kutosha kukwamisha ujumbe. Mwili ukipoa, unapita. Hakuna ganda lililoliwa saa saba mchana na kuota saa saba na nusu.

Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika jambo hili mwaka 1890 baada ya kuona wagonjwa ambao macho yao yalififia wakifanya mazoezi. Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hapana, hili si shambulio la tatu. Shambulio ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayokaa zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, na iliyo mbali na shambulio lililopita kwa siku 30 au zaidi. Ya kwake ilikuwa ya nusu saa, kwenye jicho lile lile, baada ya jua.

Na tahadhari moja. Homa inafanya kama jua. Akiamka ganzi yote ya kifuani imerudi, kabla hamjafikiria steroidi pimeni joto, mkojo na malaria. UTI ya kawaida inaweza kuamsha dalili zote za zamani, na hapo cha kutibu ni UTI.

---

Fundi_Waya

Nimeelewa, daktari. Kumbe nyaya zetu hazina hiyo habari ya kutia nguvu njiani. Na ile shoti ya mgongoni ni nyuzi kugusana kama nilivyosema?

---

Neva_Polepole

Inatokea uzi usio na ganda ukachokoza jirani yake, hapo hukukosea. Lakini ile ya kuinamisha kichwa maelezo yake makubwa ni kwamba uzi uliovuliwa ganda unakuwa mwepesi kuchokozeka. Shingo ikipinda, uti wa mgongo unavutika kidogo, uzi ukiwa mzima hausemi kitu. Ukiwa wazi unajitolea ujumbe wenyewe, na ubongo unausoma kama shoti ya mgongo na miguu. Doa lake la shingoni linalingana na hilo kabisa.

---

Kijana_Duka

Nina duka la dawa. Kama steroidi ilimrudishia jicho, si anunue prednisoloni za vidonge akae nazo ndani? Akiona ukungu anameza siku tano. Wateja wangu wenye pumu wanafanya hivyo.

---

Neva_Polepole

Kijana, tafadhali usimpe mtu ushauri huo. Steroidi haikumrudishia jicho, ilimharakishia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 1992 uliwagawa wagonjwa wa shambulio la jicho: kundi la dripu ya methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku kwa siku tatu kisha vidonge, kundi la vidonge peke yake vya prednisoni, ambayo mwilini hugeuka kuwa prednisoloni, kwa dozi ya kawaida, na kundi la vidonge visivyo na dawa. Dripu iliwafanya waone mapema zaidi. Baada ya miezi kadhaa, uwezo wa kuona wa makundi yote ulikuwa karibu sawa. Na waliomeza vidonge vya dozi ya kawaida peke yake, macho yao yalishambuliwa tena mara nyingi zaidi kuliko wengine. Hicho unachotaka awe nacho ndani ndicho kilichofanya vibaya.

Kuna hatari nyingine. Kwa mwenye UTI au kifua kikuu kilichojificha, kumeza steroidi kwa kukisia ni kukiachia maambukizi mlango.

---

Shehe_wa_Mtaa

Daktari, nimesoma yote. Hiyo ya namba 101 na 134 ina uzito, sikatai. Swali langu moja tu. Nani anaisimamisha kinga? Umesema zinaingia, zinakula, kisha zinaacha. Zinaacha kwa amri ya nani?

---

Neva_Polepole

Ni swali kubwa, Shehe. Sehemu ya jibu ni kwamba seli nyingi za kinga zilizoingia zinafia humo humo ndani ya ubongo, na kuna seli nyingine za kinga ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao. Tunajua pia kwamba utulizaji huo hubadilika na hali ya mwili. Kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, mashambulio hupungua sana, kisha huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, halafu hurudi kama awali. Lakini kwa nini kwa mwalimu lilianza mwezi wa tatu na si wa tisa, au kwa nini lilichagua jicho la kushoto, hilo hakuna daktari atakayekwambia kwa uhakika.

---

Bi_Asumini

Mleta uzi, umesema MRI na maji ya uti wa mgongo walichukua? Na walimpima ile kingamwili ya NMO, ugonjwa unaofanana na MS? Kuna dada kutoka Kampala kwenye kikundi chetu huku, alitibiwa kama MS, akapewa sindano za interferoni, hali ikawa mbaya zaidi. Baadaye ikaonekana si MS.

---

Msambaa_Mjini (mleta uzi)

Maji ya uti wa mgongo walichukua, wakasema yana alama zinazoendana na MS. Kingamwili hiyo damu imetolewa wiki mbili zilizopita, imepelekwa nje ya nchi, majibu bado. Daktari wake anataka kuanza rituksimabu, lakini sijaelewa kwa nini asingoje majibu. Ndiyo maana wazee wanasema hata wao hawana uhakika.

---

Neva_Polepole

Bi Asumini umeuliza swali ambalo hapa kwetu ndilo la kwanza. NMO inafanana sana na MS: jicho na uti wa mgongo, inakuja kwa mashambulio. Ila kinachoshambuliwa kwanza si ganda. Kingamwili inakamata mlango wa maji unaoitwa akwaporini 4 kwenye seli zinazoshikilia neva, na ganda linakufa baadaye. Kwa watu wenye asili ya Afrika lazima uifikirie, na mashambulio yake huacha madhara makubwa zaidi. Na dawa kadhaa za MS, interferoni ikiwemo, zinaizidisha.

Kwa mwalimu, ninayoyasikia yanaelekea MS. Doa la uti wa mgongo ni fupi, wakati la NMO kwa kawaida hurefuka pingili tatu au zaidi. Jicho ni moja na lilirudi vizuri, maji ya uti wa mgongo yana alama. Lakini kuelekea si kufika, kwa hiyo damu kupelekwa ni sawa kabisa.

Na rituksimabu ndiyo inayoniambia daktari wake anafikiri vizuri. Inaondoa seli B za kinga, na inatumika kwa magonjwa yote mawili. Majibu yakija hivi au vile, hatakuwa amepewa kitu cha kumdhuru kwa upande huo. Kwa MS, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, pamoja na kladribini na glatirameri, na hilo ni jambo la kutaja mnapozungumza na bima. Haitarudisha zile 33 za jicho la kushoto. Inazuia madoa mapya.

Kabla ya dripu ya kwanza ulizeni mambo haya: amepimwa homa ya ini B, maana rituksimabu inaweza kuiamsha ikiwa imelala, ameangaliwa kifua kikuu, chanjo anazohitaji amepata mapema, kwa sababu baada ya dawa mwili unaitikia chanjo vibaya, na kama ana mpango wa mimba karibuni, wapange pamoja tarehe.

---

Msambaa_Mjini (mleta uzi)

Homa ya ini B amepimwa, hana. Kifua kikuu hawajapima. Chanjo sijui, na la mimba nitamwachia amwambie daktari mwenyewe, ameolewa mwaka huu.

Bibi nimemsomea sehemu ya jua na ile karatasi ya namba. Ameuliza kitu kimoja: kama joto ndilo linalofunga jicho, mbona wanamruhusu kufundisha vipindi vya mchana kwenye darasa la bati. Ameniambia Jumatatu niende kwa mkuu wa shule, na yeye anataka kuja.

---

Bi_Asumini

Mwambieni mkuu wa shule ahamishie vipindi vyake asubuhi, na barua ya daktari itaje joto kwa jina. Atembee na kitambaa kilicholowa maji baridi shingoni na chupa ya barafu. Na asiogope mazoezi, apoe tu kabla na baada.